Kijiko cha spirulina: kidogo kwa protini, kidogo kwa chuma, kingi kwa sumu

(Haya niliyasema kwa kikundi cha akina mama na wahudumu wa afya ya jamii hapa Umoja, Nairobi. Wengi waliniomba niyaandike, nimeyaacha karibu vile yalivyotoka mdomoni.)

Habari zenu mama zangu, dada zangu, na nyinyi wahudumu wa afya mnaotembea nyumba kwa nyumba. Asanteni kwa kunipa nafasi. Mimi kazi yangu ni maabara ya chakula, napima vyakula vinavyoenda sokoni, na leo nataka tuongee kuhusu kitu kimoja tu, ile poda ya kijani, spirulina, kwa sababu naiona kila mahali sasa, kwa kemia, kwa supamaketi, kwa stetasi za wosap, na inauzwa zaidi kwa nani? Kwa mama ambaye mtoto wake ameambiwa kliniki damu iko chini. Huyo mama ndiye aliyenileta hapa.

Tuanze na yeye. Chukua mama ana mtoto wa miaka miwili, kilo 12, HB iko chini, mtoto hana nguvu, hali chakula vizuri. Jirani anamwambia kuna poda iko na protini kushinda nyama na chuma kushinda spinachi mara nyingi sana, mpe kijiko kimoja kwa uji kila asubuhi. Mama anabana pesa ya sukuma na maziwa ananunua mkebe. Sasa mimi nataka tuhesabu hicho kijiko, hicho kimoja tu, kwa sababu hesabu yote ya hii biashara iko ndani ya kijiko.

Kijiko cha chai kilichojaa ni kama gramu 3 za poda. Spirulina iliyokaushwa, ukiipima, karibu gramu 57 kwa kila 100 ni protini, kuna watu wanaandika mpaka 70. Hiyo si uongo. Lakini wewe humpi mtoto gramu 100, unampa gramu 3, na gramu 3 ina protini kama gramu 1.7. Yai moja lina kama gramu 6. Kwa hivyo ili hiyo poda ifikie yai moja la pale dukani unahitaji karibu gramu 11, yaani vijiko vitatu unusu, na mtoto wa miaka miwili hawezi kumeza hiyo, ni chungu, inanuka ziwa, na bei yake mnaijua. Hata hiyo 57 yenyewe maabara haipimi protini moja kwa moja, tunapima naitrojeni halafu tunazidisha kwa 6.25, na kwenye viumbe kama hivi sehemu ya naitrojeni haiko kwa protini, iko kwa vitu vingine vya ndani ya seli, kwa hivyo namba ya kwenye mkebe huwa imevimba kidogo. Lakini tuwape hiyo namba yao yote, bado kijiko ni gramu 1.7.

Chuma sasa, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanadanganyika bila mtu hata kusema uongo.

Poda ina kama miligramu 28 za chuma kwa gramu 100. Spinachi mbichi ina kama miligramu 2.7. Muuzaji anagawa, anapata mara kumi, anaandika kwa herufi kubwa. Sasa fikirieni mama zangu, spinachi uliyotoa sokoni Kangemi asubuhi, ndani yake maji ni kama asilimia 91. Ile poda imekaushwa mpaka maji karibu yaishe. Unalinganisha kitu kikavu na kitu kilicholowa. Hebu kausha hiyo spinachi pia, toa maji, isage iwe poda, halafu upime, itakuja kama miligramu 30 kwa gramu 100. Sawa na spirulina. Ile mara kumi yote ilikuwa maji! Na ujanja ni uleule kwa nyama, nyama mbichi robo tatu yake hivi ni maji, wanaiweka kando ya poda kavu halafu wanasema poda imeshinda.

Kwa hivyo kijiko cha gramu 3 kina chuma kiasi gani? Kama miligramu 0.86. Mtoto wa miaka miwili mwenye afya anatakiwa apate kama miligramu 7 kwa siku kutoka kwa chakula. Lakini huyu wetu si mwenye afya, huyu damu imeshuka, na mtoto ambaye damu imeshuka kwa kukosa chuma dozi ya matibabu huwa ni kama miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kilo 12 mara 3 ni miligramu 36. Gawanyeni wenyewe, 36 kwa 0.86, mnapata zaidi ya vijiko 40 kwa siku. Mkebe mzima wa gramu 100 hautoshi siku moja. Na mama mjamzito, zile tembe za chuma na foliki anazopewa bure kliniki, tembe moja ina miligramu 60 za chuma, ili uzipate kwa spirulina unakula gramu 210 kila siku. Hakuna mtu anakula hivyo.

Na bado hiyo ni chuma ya mimea na mwani, si ile ya damu na nyama, mwili unaichukua sehemu ndogo tu, na ukimpa mtoto na chai ya maziwa juu yake inapungua tena, kwa sababu majani ya chai yanaishika ile chuma isiingie. Hilo la chai naomba wahudumu mlibebe hata kama mtasahau mengine, kwa sababu hapa kwetu mtoto anapewa chai asubuhi kama maji.

Kuna jambo lingine. Kiasi cha chuma ndani ya spirulina kinategemea aliyeilima alitia nini kwa bwawa. Chuma inawekwa kama mbolea, aliyeweka nyingi inapanda, aliyebana inashuka, kwa hivyo mikebe miwili ya kijani ileile inaweza kuwa tofauti sana na wewe huwezi kujua kwa macho.

Na pia damu kuwa chini si chuma pekee. Kuna malaria, kuna minyoo, kuna selimundu. Mtoto wa selimundu ukimpa poda miezi mitatu ukingoja damu ipande, unapoteza miezi mitatu ya huyo mtoto.

Sasa mtu ataniambia, sawa, haisaidii sana lakini pia haidhuru, si ni chakula tu? Hilo ndilo swali nililokuja kulijibu.

Spirulina yenyewe si mmea. Ni bakteria ya kijani inayojitengenezea chakula kwa jua kama majani, tunaziita sayanobakteria. Kwa lebo utaona jina Arthrospira platensis, siku hizi wengine wanaandika Limnospira, ni kitu kilekile. Ina ndugu zake wengi majini, na baadhi ya hao ndugu wanatengeneza sumu. Maarufu zaidi ni ile inaitwa maikrosistisi, ni moja ya zile zinazofanya maji ya Ziwa Victoria pale ghuba ya Winam yawe ya kijani kama rangi iliyomwagika. Sumu yake inaitwa maikrosistini. Ukiimeza inapita kwa utumbo inaenda moja kwa moja kwa ini, seli za ini zina milango ambayo inaipokea, na ikishaingia inazuia vimeng'enya viwili ambavyo vinasaidia kushikilia umbo la seli, seli zinaporomoka. Ikiwa nyingi kwa mara moja ini linavuja damu. Ikiwa kidogo kidogo kila siku huoni kitu, mtoto anacheza, anaenda shule, ini linaumia polepole. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani mwaka 2010 liliiweka aina moja, ile wanaandika MC-LR, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu.

Kama kuna mtu hapa anadhani hii ni mambo ya vitabu, mwaka 1996 kule Caruaru, Brazili, kliniki ya kusafisha figo ilitumia maji ya bwawa ambayo hayakusafishwa vizuri na yalikuwa na hii sumu. Wagonjwa zaidi ya 100 walipata shida na vifo 52 vilihusishwa na hiyo sumu. Kwa wale iliingia kwa damu moja kwa moja, si kwa mdomo, kwa hivyo silinganishi na kijiko cha uji, nawaambia tu mjue ni sumu ya aina gani tunaongelea.

Sasa inaingiaje kwa poda? Spirulina inapenda maji makali, ya magadi. Mkulima anaweka soda ya bikabonati, gramu nyingi kwa kila lita, kwa kichocheo kinachotumiwa zaidi ni karibu gramu 17, na spirulina inavyokua pH, yaani kipimo cha ukali wa hayo maji, inapanda mpaka 9.5, 10, hata zaidi. Kwa hayo maji makali viumbe vingi vya maji baridi havikai, na hiyo ndiyo kinga yake kubwa. Lakini bwawa liko wazi. Mvua za Aprili zikishuka maji yanajaa, soda inapungua nguvu, pH inashuka chini ya 9, au mkulima anaona soda ni ghali anabana, au kuna baridi ya Julai spirulina inazubaa haikui, hapo ndipo wageni wanaingia. Wanaletwa na upepo, na ndege, na maji ya mto, na ndoo. Na wakishaingia unavuna vyote pamoja, unachuja kwa kitambaa, unakamua, unaanika, unasaga. Poda inatoka kijani. Maikrosistisi nayo ni ya kijani na sumu iko ndani ya seli zake, huwezi kuona tofauti, hainuki tofauti.

Na msiniambie tutachemsha. Hii sumu haifi kwa kuchemsha. Ukiitia kwa uji unaochemka unapasua tu zile seli na sumu inamwagika kwa uji.

Hapa kwetu Kenya kuna jambo ambalo linanisumbua zaidi, na sijawahi kuona muuzaji amelitaja. Maziwa yetu ya magadi, Bogoria, Nakuru, Elmenteita, Sonachi kule Naivasha, Simbi kule Kendu Bay, huwa na ndugu wa spirulina wa asili, Arthrospira fusiformis, ndiyo wale heroe wadogo wanakula. Kwa hivyo kuna watu wanasema, kwa nini tununue mbegu nje wakati Mungu ametupa ziwa zima, tuchote tu. Mwaka 2005 watafiti walichapisha kazi yao kuhusu Sonachi na Simbi. Walikuta maikrosistini kwa maziwa yote mawili, Sonachi kutoka maikrogramu 1.6 mpaka 12 kwa kila gramu kavu, Simbi kutoka 19.7 mpaka 39, na pia anatoksini, ambayo hiyo ni sumu ya mishipa ya fahamu, inapoozesha misuli mpaka ya kupumua. Halafu wakafanya kitu kingine, walitenga Arthrospira ya Sonachi peke yake, wakaikuza maabara bila ndugu wengine, na ile peke yake ikatoa maikrosistini kama maikrogramu 2.2 kwa gramu na anatoksini kidogo. Wao walisema ndiyo mara ya kwanza jamii hiyo kuonekana ikitengeneza sumu yenyewe.

Mnaelewa uzito wake? Wauzaji husema spirulina haitoi sumu, ni uchafu tu ndio unaleta shida, ukiilima safi umemaliza. Kwa mbegu zile zinazolimwa kibiashara na kujulikana hiyo ni kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini mbegu uliyochota ziwani huwezi kuisema hivyo mpaka umeipima hiyo hiyo mbegu. Ati ni ya asili ya hapa kwetu, kwa jambo hili hiyo si sifa.

Turudi kwa kijiko cha yule mtoto, tumalize hesabu.

Shirika la afya duniani limeweka kiasi ambacho mtu anaweza kumeza kila siku maisha yake yote bila wasiwasi, ni maikrogramu 0.04 kwa kila kilo ya mwili. Maikrogramu ni gramu moja ukiigawa mara milioni. Mtu mzima wa kilo 60, ni maikrogramu 2.4 kwa siku. Mtoto wetu wa kilo 12, ni 0.48. Hata nusu haifiki. Kule Oregon, Marekani, wana ziwa linaitwa Upper Klamath ambako watu huvuna ndugu mwingine wa spirulina wa kuuza kama tembe za afya, na mwaka 1997 jimbo liliweka kikomo, maikrogramu 1 ya maikrosistini kwa kila gramu ya poda. Mwaka 2000 wakachapisha walichopata kwa bidhaa za ziwa hilo, sampuli 87 walizopima, 85 zilikuwa na sumu inayoonekana, na 63 zilipita kikomo. Hizo ni tembe zilizokuwa zinauzwa dukani, na lebo nzuri.

Sasa hicho kikomo cha 1 kimetokana na wapi? Walichukua mtu mzima wa kilo 60 anayekula gramu 2 kwa siku. Gramu 2 mara 1 ni maikrogramu 2, iko chini ya 2.4, sawa. Lakini sisi tuko na mtoto wa kilo 12 na kijiko cha gramu 3. Poda ambayo imepita kikomo vizuri kabisa, iko pale pale kwa 1, inampa mtoto maikrogramu 3. Kikomo chake ni 0.48. Amepata zaidi ya mara sita. Na poda ni halali, imepimwa, imepasi! Kama ni ile ya ziwa la Sonachi yenye 12, ni maikrogramu 36, mara 75.

Nisiwatishe bure. Hicho kiwango cha 0.04 kimewekwa na nafasi kubwa ya usalama, walichukua kiasi ambacho panya hakudhurika wakagawa kwa elfu moja, kwa hivyo mara sita si kusema mtoto ataanguka leo. Lakini ile nafasi iliwekwa kwa sababu watoto, na wagonjwa, na mtu ambaye ini lake tayari limeumizwa na homa ya ini au pombe, hawako sawa na panya mzima wa maabara. Na tunaitumia kwa mtoto dhaifu, kila siku, kwa miezi. Mimi siwezi kukubali hiyo biashara, chuma miligramu 0.86 nipewe na huku nimeweka ini la mtoto rehani.

Ndiyo maana nilisema tukae kwa kijiko. Protini mwili unaihesabu kwa magramu, makumi ya magramu, kijiko hapo ni kidogo. Chuma unahesabu kwa miligramu, kijiko bado ni kidogo. Sumu unahesabu kwa maikrogramu, na hapo kijiko kilekile kimekuwa kikubwa.

Sasa nataka kuwaonyesha karatasi ya maabara inasomwaje kwa sababu wauzaji wengine wakiulizwa wanatuma picha ya karatasi kwa wosap na mtu akiona mhuri anatulia. Kwanza tafuta namba ya betchi, ilingane na ya kwa mkebe wako. Karatasi ya betchi ya mwaka juzi haisemi lolote kuhusu ulichoshika, kwa sababu bwawa linabadilika kila mvua. Pili angalia walipima nini. Nyingi zimepima bakteria, kuvu, risasi, zebaki, na hizo ni muhimu, lakini ukisoma mpaka chini hakuna neno Microcystin popote. Hiyo karatasi haijajibu swali letu. Kama lipo, itaandikwa njia, ELISA au LC-MS/MS, na jibu kwa µg/g au ppm, hizo mbili ni kitu kimoja, au kwa ppb, ambapo 1000 ni sawa na µg/g moja. Na kipimo cha maikrosistini hakishiki anatoksini, hiyo ina kipimo chake peke yake.

Halafu kuna hili ambalo hata wenzangu wa maabara wanalipita haraka. Jibu likiwa ND, maana yake haikuonekana, uliza haikuonekana chini ya ngapi. Kama mashine ile inaanza kuona kuanzia 1, basi poda yenye 0.9 pia itaandikwa ND, na kijiko cha mtoto kitakuwa na 2.7. Kwa mtoto wetu wa kilo 12 na gramu 3, poda inatakiwa iwe chini ya 0.16 kwa gramu ili abaki ndani ya kiwango. Kwa hivyo ND ya kuanzia 1 kwa mtoto ni karatasi tupu.

Alama ya KEBS itafuteni, bila hiyo hata usianze mazungumzo, lakini msiishie hapo, ulizeni ya betchi.

Kulikuwa na kijana hapo nyuma aliuliza, yeye na wenzake wanataka kuchimba bwawa la spirulina, je nawavunja moyo? Hapana kijana wangu, spirulina iliyolimwa vizuri ni chakula, kuna akina mama wa Kanem kule Chadi wanaivuna na kuikausha wanaila na mchuzi tangu zamani. Ila sikiliza. Mbegu inunue kwa anayeweza kukuonyesha imetengwa na imepimwa, usichote ziwani. Funika bwawa na karatasi ya grinihausi kwa sababu ya mvua na ndege. Pima pH kila asubuhi na uandike kwa daftari, ikishuka chini ya 9.5 rekebisha maji kabla hujafanya kitu kingine. Na ununue hadubini, si lazima ya bei kubwa, uangalie tone moja kabla ya kila mavuno. Spirulina utaiona ni uzi uliojikunja kama springi ya kalamu. Maikrosistisi ni vidoti vya mviringo vimekusanyika kwa mafungu, havina uzi. Ukiona uzi wa shanga, shanga shanga na moja imekuwa kubwa na nyeupe, hiyo ni anabena, nayo inaweza kuwa na sumu. Shida iko hapa, spirulina yenyewe wakati mwingine inanyooka, inaacha kujikunja, halafu inafanana na nyuzi nyingine ambazo si yeye, hata mtaalamu anachanganyikiwa, kwa hivyo ukiona nyuzi zilizonyooka zinaongezeka wiki kwa wiki usijipe moyo ati ni yeye amenyooka, simamisha mavuno upeleke sampuli maabara. Na hadubini haikuambii kiasi cha sumu, inakuambia tu kama kuna mgeni. Hesabu pesa ya kipimo cha maikrosistini kwa kila betchi kwenye mpango wako tangu mwanzo, na kama hesabu ikikataa, basi uza kama chakula cha samaki wa mapambo au uache, lakini usiuzie mama mwenye mtoto.

Shosho mmoja aliuliza kuhusu vitamini B12 kwa watu wasiokula nyama. Kwa ufupi, sehemu kubwa ya B12 ya spirulina ni ile isiyofanya kazi kwa mwili wa binadamu, inafanana tu kwa kipimo. Usiitegemee.

Na yule mama aliyesema ana mkebe umefunguliwa nyumbani na mtoto ametumia tangu mwezi uliopita. Mama, usimpe tena kuanzia leo. Mrudishe kliniki apimwe HB na waangalie sababu, malaria, minyoo, selimundu, na kama ni chuma watampa dawa ya maji ya chuma kwa kilo zake. Nyumbani mpe maini kidogo ukipata, omena, maharagwe na kipande cha chungwa au nyanya mbichi kando ili chuma iingie vizuri, na chai ikae mbali na chakula chake. Ukimwona macho yamekuwa ya njano, au mkojo umekuwa wa kahawia, au anatapika na tumbo la kulia juu linamuuma, usingoje asubuhi. Na mwambie daktari waziwazi kwamba alikuwa anakula spirulina, gramu ngapi na kwa muda gani, wengi wenu mnaficha mkidhani mtagombezwa. Beba mkebe wenyewe na lebo yake na namba ya betchi, usimimine poda kwa karatasi ya nailoni, kwa sababu bila hiyo namba hata sisi wa maabara hatuwezi kuifuatilia mpaka kwa bwawa ilikotoka.